Asilimia 97.5 au 84? Historia ya hesabu ya chanjo ya Ebola kwetu Kivu ya Kaskazini

Mwezi wa Agosti 2019, Ebola ilifika Pinga, ndani ya teritwari ya Walikale, pale karibu na mpaka wa Masisi. Ilikuwa mgonjwa mmoja tu aliyethibitishwa katika zoni ile yote ya afya. Lakini kwa wakati huo mlipuko ulikuwa umeshatimiza mwaka mzima: ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, zoni ya afya ya Mabalako, wiki moja tu baada ya ule wa Equateur kutangazwa kwamba umeisha. Ulipofungwa rasmi tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umehesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechomwa ile chanjo inayoitwa rVSV-ZEBOV, ambayo leo inauzwa kwa jina la Ervebo.

Sasa kuna namba mbili juu ya chanjo hiyo, na zote zinatoka kwetu. Ya kwanza ilitolewa Aprili 2019, mlipuko ukiwa bado moto: ufanisi wa asilimia 97.5. Ya pili ilitoka 2024, miaka minne baada ya mlipuko kwisha: asilimia 84. Mtu akiziweka pembeni anaweza kuuliza: kwani walitudanganya? Swali si dogo. Kwenye mlipuko ule watu walikuwa wakisema waziwazi, "Hiyo chanjo njo inaleta Ebola," na waganga walishambuliwa mpaka wengine wakauawa. Namba ya chanjo kwetu haikuwa mambo ya karatasi tu.

Hapa nataka kufuata hadithi ya hizo namba mbili: zilihesabiwa vipi, kwa nini hazifanani, na ni mitego gani inakaa ndani ya ile mbinu iliyotoa namba ya pili. Mbinu hiyo ndiyo imetumika pia kwa mafua na kwa Kovidi, kwa hiyo ukiielewa hapa utaielewa popote.

Guinea kwanza

Chanjo hii haikuanza kwetu. Ilijaribiwa Guinea mwaka 2015 kwa mtindo wa pete. Mgonjwa akipatikana, unatafuta kontakti zake, yaani watu waliomgusa au kukaa naye, halafu unatafuta na kontakti za kontakti. Pete nzima ndiyo inachanjwa. Kule Guinea, pete nyingine zilichaguliwa kwa bahati nasibu zichanjwe mara moja na nyingine zisubiri siku 21. Kuanzia siku ya 10 baada ya kuchanjwa, hakuna aliyeugua kati ya waliochanjwa mara moja. Ndipo ulimwengu ukasikia "asilimia 100".

Shika hiyo siku ya 10, tutairudia. Chanjo inahitaji muda ili mwili ujenge ulinzi, na mtu anaweza kuwa tayari amebeba virusi siku anapochomwa. Mtu akiugua siku ya nne, hapo chanjo haijashindwa, imechelewa tu.

Ilipofika 2018 kwetu, hakuna aliyeweza tena kuweka kundi la kusubiri. Chanjo ilishaonyesha kwamba inafanya kazi, na kumwambia mtu wa Beni au Butembo "wewe subiri tuone kama utaugua" kungekuwa dhambi. Kuanzia tarehe 8 Agosti 2018 pete zote zilichanjwa haraka iwezekanavyo. Ni uamuzi mzuri kwa watu, lakini kwa hesabu uliacha tatizo moja: utamlinganisha aliyechanjwa na nani?

Namba ya Aprili 2019

OMS na INRB ya Kinshasa walijibu swali hilo kwa haraka, kwa sababu riposti ilihitaji jibu. Mpaka tarehe 25 Machi 2019 watu 93,965 walikuwa wameshachanjwa. Kati yao, 71 waliugua Ebola, na wengi wa hao 71 waliugua kabla ya siku 10 kutimia. Wakachukua kiwango cha kuugua cha waliochanjwa, baada ya siku 10, wakakilinganisha na kadirio la kiwango ambacho kingetokea bila chanjo. Likatoka 97.5, na mipaka ya 95.8 mpaka 98.5. Wenyewe waliyaita matokeo ya awali.

Shida iko kwenye neno "kadirio". Kundi la wasiochanjwa ambalo lilikaa hatarini sawasawa na waliochanjwa halikuwepo. Ndani ya pete kuna mtu aliyemlisha mgonjwa kwa mkono wake, na kuna jirani wa jirani ambaye hata hajamwona. Wote wamechanjwa, wote wako kwenye hesabu, lakini hatari yao ni mbali kama Goma na Kisangani. Huyo jirani angeweza asiugue hata bila sindano, na hesabu inampa chanjo sifa. Namba hiyo ilitosha kusema "endeleeni kuchanja". Haikutosha kusema chanjo inakinga kwa kiasi gani hasa.

Mbinu iliyozaliwa mbali na Ebola

Kwa namba ya pili, watafiti walienda kuazima mbinu kutoka kwa watu wa nimonia na mafua. Mwaka 1980, Claire Broome na wenzake wa Marekani walitaka kujua kama chanjo ya nimokoki inafanya kazi. Chanjo ile ilikuwa na aina kadhaa tu za nimokoki, siyo zote. Wakachukua watu wote walioshikwa na nimokoki, wakauliza: kati ya waliochanjwa, je, aina zilizomo kwenye chanjo ni chache kuliko kwa wasiochanjwa? Wagonjwa walilinganishwa na wagonjwa wenzao, na hakukuwa na haja ya kwenda kutafuta watu wazima wa afya mitaani.

Baadaye, kwenye msimu wa mafua wa 2004 na 2005, Danuta Skowronski na wenzake wa British Columbia, Kanada, wakaipeleka fikra hiyo kwenye mafua. Waganga walipima watu waliokuja na homa na kikohozi. Waliokutwa na virusi vya mafua wakawa kundi la wagonjwa, na waliopimwa wakakutwa hawana wakawa kundi la kulinganisha. Hapo mbinu ikapata sura yake ya leo. Mimi nitaiita mbinu ya waliopimwa hasi.

Faida yake ni hii. Ukilinganisha wagonjwa wa hospitali na watu wa mtaani, unachanganya mambo mawili: chanjo na tabia ya kwenda hospitali. Mtu anayekimbilia muganga akishikwa na homa mara nyingi ndiye pia anayekubali chanjo. Lakini ukichukua watu waliokuja wote mlango mmoja, na dalili zilezile, wakapimwa kwa kipimo kilekile, basi tabia hiyo umeipunguza kwa pande zote mbili.

Na kwetu mlango huo mmoja ulikuwepo: vituo vya matibabu ya Ebola. Kila mshukiwa aliyepelekwa kule aliandikwa jina, umri, anatoka zoni gani, dalili zilianza lini, alimgusa mgonjwa au la, alichanjwa au la. Kisha damu inaenda labo kwa kipimo cha PCR. Wengi kabisa walirudi bila Ebola. Palu hasa, au ugonjwa mwingine wa homa. Palu ilikuwa nyingi mpaka Novemba 2018, kule Beni, dawa za palu ziligawiwa kwa watu wengi mtaani ili kupunguza wagonjwa wa homa waliokuwa wakijaza vituo. Kwa mganga wa zamu, wale wa palu walikuwa mzigo. Kwa hesabu ya chanjo, hao njo walikuwa dhahabu.

Hesabu yenyewe

Chukua namba za mfano, nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme tuna kontakti 260 waliofika kituoni wakiwa na homa. Kati yao 60 wamekutwa na Ebola: 10 walichanjwa na 50 hawakuchanjwa. Wengine 200 hawana Ebola: 100 walichanjwa na 100 hawakuchanjwa.

Fikra ni hii: wasio na Ebola wanatuonyesha chanjo imeenea kiasi gani kati ya watu kama hawa. Kwao ni nusu kwa nusu. Kama chanjo ingekuwa maji matupu, wenye Ebola nao wangekuwa karibu nusu kwa nusu. Lakini wao ni 10 kwa 50, yaani mmoja kwa watano. Tunagawanya uwiano wa wagonjwa kwa uwiano wa waliopimwa hasi:

```
OR = (10/50) / (100/100) = 0.2
VE = (1 - OR) × 100 = 80
```

Ufanisi ni asilimia 80. Mbinu nzima imeisha hapo, na mtu wa sekondari anaweza kuifanya. Ugumu uko kwenye swali moja: je, wale 200 ni kioo cha kweli cha wale 60? Kila upotoshaji tutakaouona hapa ni namna moja ya kioo kupinda.

Mtego wa kwanza: chanjo ilifuata hatari

Kwenye mafua, chanjo inagawiwa kwa watu wengi bila kujua nani atakutana na virusi. Kwenye Ebola ni kinyume. Pete inamtafuta mtu kwa sababu amekuwa karibu na mgonjwa. Kwa hiyo aliyechanjwa, kwa wastani, yuko hatarini zaidi kuliko asiyechanjwa.

Tuongeze kwenye mfano wetu watu ambao si kontakti. Kati yao, 46 wana Ebola: 1 alichanjwa na 45 hawakuchanjwa. Wengine 800 wana homa bila Ebola: 80 walichanjwa na 720 hawakuchanjwa. Fanya hesabu: 1 kwa 45, ukigawanya kwa 80 kwa 720, ni 0.2 tena. Ufanisi asilimia 80 kwa kontakti, asilimia 80 kwa wasio kontakti. Sawa?

Sasa mtu mvivu anawachanganya wote kwenye kapu moja. Wenye Ebola: 11 walichanjwa, 95 hawakuchanjwa. Wasio na Ebola: 180 walichanjwa, 820 hawakuchanjwa.

```
OR = (11/95) / (180/820) = 0.53
VE = 47
```

Jamani, chanjo ya 80 imekuwa ya 47, na hakuna aliyedanganya hata neno moja! Kosa ni kuchanganya watu wa hatari mbili tofauti, huku chanjo ikiwa imeenda zaidi kwa walio hatarini. Njia ya kutambua ni ileile tuliyofanya: gawanya kwanza kontakti na wasio kontakti, halafu hesabu kila upande. Kama namba za pande mbili zinafanana lakini ya kapu ni tofauti, umeshamkamata mwizi.

Lakini hapo kuna ukomo. Kugawanya kunategemea mtu kusema ukweli kwamba alimgusa mgonjwa. Kwenye mlipuko ambapo kusema "ndiyo, nilimuuguza mjomba" kunaleta gari la riposti mbele ya nyumba yako, wengi walinyamaza. Kontakti aliyejificha anaingia upande wa wasio kontakti, na upotoshaji unabaki nusu ndani.

Mtego wa pili: kwa nini alipimwa?

Huu unavuta upande wa pili, na ndio unaosahaulika sana.

Mbinu inadhani kwamba mtu mwenye homa isiyo ya Ebola ana nafasi ileile ya kufika kituoni, awe amechanjwa au la. Kwetu haikuwa hivyo kila mara. Aliyechanjwa ni mtu anayejulikana kwenye orodha. Kontakti aliyeorodheshwa alifuatiliwa siku 21, akipimwa joto la mwili, na akipata homa kidogo anapelekwa kituoni. Mwenzake asiyechanjwa, ambaye hayuko kwenye orodha yoyote, akishikwa na palu anameza dawa ya duka na kulala nyumbani. Yeye hatapimwa, kwa hiyo hatahesabiwa.

Tena chanjo yenyewe inaleta homa. Hiyo si uvumi. Homa, kichwa kuuma na maumivu ya viungo ni madhara yanayojulikana ya chanjo hii katika siku za kwanza. Mtu anachanjwa, kesho ana joto, anachukuliwa kuwa mshukiwa, anapimwa, hana Ebola. Ameingia kwenye kundi la waliopimwa hasi kwa sababu ya chanjo.

Rudi kwenye kontakti zetu. Wenye Ebola ni walewale, 10 kwa 50. Lakini tuseme kwa sababu hizo mbili, waliochanjwa wasio na Ebola waliofika kituoni si 100 tena bali 200, na wasiochanjwa ni 100 kama mwanzo.

```
OR = (10/50) / (200/100) = 0.1
VE = 90
```

Chanjo ileile ya 80 imevaa suti ya 90. Hapa ndipo ile siku ya 10 inafanya kazi ya pili. Ukihesabu kama "amechanjwa" yule tu aliyechanjwa angalau siku 10 kabla ya dalili kuanza, homa za sindano zinatoka kwenye hesabu, kwa sababu zinakuja mapema. Na wale walioambukizwa kabla ya kuchanjwa wanatoka vilevile kwa sehemu kubwa. Sheria moja inaziba matundu mawili.

Lakini kufuatiliwa kwa siku 21 kunaendelea hata baada ya siku ya 10, kwa hiyo tundu hilo haliwezi kuzibwa lote. Kinachosaidia ni kuangalia waliopimwa hasi kwa undani. Kama waliochanjwa kati yao wanafika kituoni siku ya kwanza ya homa na wasiochanjwa wanafika siku ya tano, basi njia zao za kufika si moja.

Mtego wa tatu: kadi iliyopotea na mashine iliyochanganyikiwa

Nani alichanjwa? Mara nyingi jibu lilikuwa mdomo wa mgonjwa, au wa ndugu yake kama mgonjwa amezidiwa. Kadi zilikuwepo, lakini mtu aliyekimbia kijiji usiku kwa sababu ya bunduki habebi kadi. Na wengine wanachanganya chanjo hii na nyingine. Kipindi kilekile Kongo ilikuwa kwenye mlipuko mkubwa wa surua, na timu za chanjo zilikuwa zikipita.

Tuseme kati ya kontakti ambao hawakuchanjwa, mmoja kwa kila kumi anaandikwa kwa kosa kuwa amechanjwa, pande zote mbili sawasawa. Wenye Ebola wanakuwa 15 kwa 45, wasio nayo 110 kwa 90. Hesabu inatoa uwiano wa 0.27, yaani ufanisi wa 73 badala ya 80. Kumbuka kwamba kosa lenyewe halikumpendelea mtu, na bado lilivuta namba chini. Kosa la bahati kwa pande zote kwa kawaida linafanya chanjo ionekane dhaifu kuliko ilivyo.

Upande wa kipimo nako kuna vituko viwili. Cha kwanza ni muda. Katika siku tatu za kwanza za dalili, virusi kwenye damu vinaweza kuwa vichache mpaka PCR isivione. Ndiyo maana mshukiwa aliyekutwa hana Ebola mapema alipimwa mara ya pili kabla ya kuruhusiwa. Anayehesabiwa "hasi" kwa kipimo kimoja cha haraka anaweza kuwa mwenye Ebola aliyejificha kati ya wenye palu.

Cha pili ni cha pekee kwa chanjo hii. Mashine ya GeneXpert iliyotumika kwenye labo zetu inatafuta vipande viwili vya virusi: NP na GP. Chanjo ya rVSV-ZEBOV ni kirusi kingine kilichopewa jeni la GP ya Ebola. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa juzi anaweza kuonyesha GP kwenye damu bila kuwa na Ebola kabisa! Fundi wa labo anayejua anaangalia NP: kama GP ipo na NP haipo kwa mtu aliyechanjwa karibuni, huenda anaona sindano, siyo ugonjwa. Asiyejua anaweza kumwandika mtu mzima kuwa mgonjwa aliyechanjwa, na chanjo inaonewa.

Kwa nini Pinga haiwezi kuchanganywa na Beni

Turudi Pinga. Beni ilikuwa na wagonjwa wengi na chanjo nyingi kwa miezi. Pinga ilikuwa na mgonjwa mmoja, na kwa kuwa chanjo ilifuata wagonjwa, wananchi wengi wa kule hawakuwa na sababu ya kuchanjwa kabla ya Agosti 2019. Sasa mgonjwa akitokea, kila homa ya Pinga inakuwa ya kushukiwa. Tuseme watu 200 wa huko wanapimwa, wote wana palu, wote hawajachanjwa. Watupe kwenye mfano wetu upande wa wasio kontakti: waliopimwa hasi wasiochanjwa wanatoka 720 kwenda 920. Uwiano unapanda kutoka 0.2 mpaka 0.26, na ufanisi unashuka kutoka 80 mpaka 74.

Hao 200 hawana kosa lolote. Kosa ni kuwauliza swali wasiloweza kujibu. Wanakuonyesha chanjo ilivyoenea Pinga, wakati wenye Ebola wako Beni, Katwa na Mabalako. Mwenye Ebola wa Katwa wa Machi lazima alinganishwe na mwenye homa wa Katwa wa Machi.

Vilevile kwa watu ambao sheria iliwanyima chanjo. Mwanzoni wajawazito hawakuruhusiwa kuchanjwa, mpaka msimamo ulipobadilika katikati ya 2019. Mjamzito wa 2018 hawezi kuhesabiwa kama "hakuchanjwa" sawa na mtu aliyepewa nafasi akakataa.

Namba ya 2024

Ndipo Sophie Meakin wa Epicentre, kitengo cha utafiti cha Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na wenzake wakiwemo Wakongo, wakachukua kumbukumbu za vituo vya matibabu. Walianza na zaidi ya watu 26,000 waliostahili kuingia kwenye hesabu, wengi kabisa wakiwa wamepimwa hasi. Kila mwenye Ebola alitafutiwa mwenzake asiye na Ebola wa jinsia moja, umri unaokaribiana, zoni ileile ya afya, na dalili zilizoanza kipindi kimoja. Aliyehesabiwa amechanjwa ni yule wa siku 10 na zaidi. Taarifa ya kuwa kontakti iliingizwa kwenye hesabu. Na pale taarifa zilipokosekana, zilijazwa kwa njia za takwimu badala ya kumtupa mtu mzima nje.

Ukisoma orodha hiyo sasa unaona kila hatua ilikuwa jibu la mtego mmoja. Ikatoka asilimia 84, na mipaka ya 70 mpaka 92.

Mipaka hiyo ni mipana kuliko ya 2019, na wengine wanaweza kuiona kama udhaifu. Mimi naona kinyume. Mipaka ya 95.8 mpaka 98.5 inapima bahati tu. Haipimi kama kadirio la kulinganisha lilikuwa sahihi. Namba inaweza kuwa nyembamba sana na bado ikakaa mahali si pake.

Wala 84 si neno la mwisho. Waliokufa nyumbani bila kufika kituoni hawamo, na kontakti waliojificha wamo kwa jina lingine.

Goma nayo ilikuwa na sura yake. Novemba 2019, chanjo ya pili, ile ya Johnson & Johnson ya sindano mbili, ilianza kutolewa Majengo na Kahembe, na safari hii mbinu ya waliopimwa hasi ilipangwa kabla, siyo baadaye. Karibu watu 20,000 walipata sindano ya kwanza. Lakini Ebola haikusambaa pale, Mungu asifiwe, na bila wenye Ebola hakuna cha kuweka juu ya mstari wa hesabu. Mbinu hii inakula wagonjwa. Mji ukipona, hesabu inalala njaa.

Asilimia 16 zilizobaki

Kwa hiyo, walitudanganya? Hapana. Namba ya 2019 ilijibu swali la haraka kwa vifaa vya haraka, na ilisema yenyewe kwamba ni ya awali. Tatizo lilikuja pale "97.5" ilipotembea mdomoni kama ahadi. Ukimwahidi mtu ulinzi karibu kamili, halafu dada yake aliyechanjwa akaugua, yeye hatasema "makadirio yalikuwa ya awali". Atasema chanjo ndiyo iliyomuua.

Asilimia 84 inasema jambo lingine: kati ya watu 100 ambao wangeugua bila chanjo, karibu 16 wangeugua hata wakichanjwa. Dada huyo yumo ndani ya namba. Na juu ya hao waliougua licha ya kuchanjwa, utafiti mwingine wa vituo vilevile, uliotoka pia 2024, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa wa Ebola wasiochanjwa walikufa asilimia 56, na kati ya waliochanjwa asilimia 25. Hayo ndiyo maneno ambayo mhamasishaji wa Pinga alistahili kupewa kabla ya kupanda pikipiki: chanjo inazuia wengi, siyo wote, na hata anayeugua ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani.